Vipotoshi vya swali la fiziolojia: kutoka slaidi, kutoka mnyororo wa sababu, au kutoka karatasi za wanafunzi?

Mwalimu anayetoka kufundisha mhadhara wa fiziolojia na kukaa kutunga maswali ya kuchagua jibu bora moja huwa hana shida ya jibu sahihi, kwa sababu analo kichwani tangu asubuhi. Kazi iko kwenye yale majibu matatu yasiyo sahihi, ambayo katika makala haya nitayaita vipotoshi. Yakiwa mepesi mno, mwanafunzi asiyeelewa chochote atafika kwenye jibu kwa kuyaondoa moja moja. Na yakiwa na chembe ya ukweli isiyodhibitiwa, mwanafunzi hodari ndiye atakayeumia. Nimejaribu njia tatu za kuyapata, na nazilinganisha hapa kwa kutumia mhadhara mmoja tu, ule wa jinsi figo zinavyolinda maji ya mwili, ili tofauti iliyopo itokane na njia yenyewe na si na mada.

Mitihani rasmi ya fani za afya katika vyuo vyetu vya Unguja na Pemba huandikwa kwa Kiingereza. Mazoezi ya vikundi, hata hivyo, nayaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa nataka kuona kama mwanafunzi ameielewa figo kabla sijaona kama ameielewa lugha ya mtihani. Mifano yote hapa ni ya mazoezi hayo.

Mhadhara wenyewe una hoja moja kuu. Mtu anapotoka jasho jingi bila kunywa maji, hupoteza maji mengi kuliko chumvi, kwa sababu jasho lina chumvi chache kuliko plazma. Plazma inayobaki inakolea. Ukolezi wake wa kawaida ni kati ya miliosmoli 275 na 295 kwa kilo, na kupanda kwa asilimia moja au mbili tu kunatosha kuviamsha vipokezi vya haipothalamasi. Tezi ya pituitari, upande wake wa nyuma, inamwaga vasopresini kwenye damu. Homoni hiyo inashika vipokezi vya V2 kwenye seli za mirija ya kukusanyia mkojo, na seli hizo zinapeleka vijitundu vya maji, yaani akwaporini-2, kwenye utando unaoelekea mkojo. Maji yanapenya hapo na kuvutwa na sehemu ya ndani ya figo, ambayo imekolea sana, na mkojo unaobaki unakuwa kidogo na mkolevu, hata kufikia miliosmoli 1,200 hivi kwa kilo.

Njia ya kwanza: kuchukua majina yaliyomo kwenye slaidi

Hii ndiyo njia ya haraka, na walimu wengi huanzia hapa. Unafungua slaidi ya homoni, unachagua moja iwe jibu, na tatu nyingine zinakuwa vipotoshi. Swali langu la kwanza la mada hii nililitunga kwa dakika tano, na lilikuwa hivi:

Homoni inayosaidia figo kurudisha maji mwilini ni ipi?

A. Aldosteroni
B. Insulini
C. Vasopresini
D. Tairoksini

Nilikusudia C. Tulipokuwa tukisahihisha pamoja darasani, msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Maalim, samahani. Aldosteroni inarudisha sodiamu, na wiki iliyopita ulitufundisha kwamba maji huifuata sodiamu. Kwa nini A isiwe sahihi?" Sikuwa na jibu la haki la kumpa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na shina la swali halikuwa na neno hata moja la kukikataa. Nilifuta swali lile na kumpa alama yake.

Kasoro ilikuwa pande mbili, na zote mbili hutokana na njia hii. Upande mmoja, insulini na tairoksini zilikuwapo kwa sababu tu ni homoni. Hakuna mwanafunzi aliyehudhuria mhadhara ambaye angedhani kuwa tairoksini ndiyo inayolinda maji ya mwili, kwa hiyo swali lililoonekana kuwa na majibu manne lilikuwa na mawili. Upande wa pili, yale mawili yaliyobaki yote yalikuwa ya kweli. Slaidi hupanga vitu kwa jamii yao, na vitu vya jamii moja mara nyingi hufanya kazi zinazopakana; kwa hiyo unapovichota kutoka hapo unapata ama kitu kilicho mbali mno na jibu, ama kitu kinachoingiliana nalo.

Njia hii inafaa pale tu unapotaka kupima majina, na hata hapo shina lazima lifungwe vizuri. Ukiuliza, "Ni homoni gani inayotolewa na upande wa nyuma wa tezi ya pituitari na kuongeza upitaji wa maji katika mirija ya kukusanyia mkojo?" aldosteroni haiwezi kudai nafasi tena, kwa sababu hutolewa na tezi iliyo juu ya figo. Lakini swali hilo linapima kumbukumbu ya jina na si zaidi. Mwanafunzi anaweza kulipata huku akiamini kwamba figo husukuma maji kwa pampu.

Njia ya pili: kuvunja mnyororo wa sababu, pingili moja kwa kila kipotoshi

Hapa unaandika kwanza mnyororo mzima, kama nilivyouandika juu, kuanzia jasho hadi mkojo. Kisha unachagua pingili unayotaka kuipima, na kila kipotoshi unakitengeneza kwa kuivunja kwa namna yake: kimoja kinakosea mahali, kingine mwelekeo, kingine namna kitu kinavyofanyika. Vipotoshi vyote vinakuwa sentensi za aina moja na jibu, na hakuna kinachochomoza kwa sura yake.

Njia hii inahitaji shina lenye kisa, kwa sababu pingili haipimiki bila tukio. Kisa changu cha mwanzo kilisema kwamba kijana aliyefunga Ramadhani alishinda shambani akichuma karafuu, na jioni akakojoa "mkojo kidogo wenye rangi ya chai." Niliyapenda maneno hayo kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Mwenzangu ninayemwomba asome maswali yangu alinirudishia karatasi akiwa ameyapigia mstari. Mkojo wa rangi ya chai baada ya kazi nzito, aliandika, unaweza kuwa wa misuli iliyoharibika, na unaweza pia kuwa wa manjano ya ini. Mwanafunzi mwenye akili ataanza kutafuta ugonjwa. Alikuwa na haki. Nikaitoa rangi, nikaweka vipimo, na shina likawa hivi:

Kijana wa miaka 24, mwenye afya njema, amefunga Ramadhani na ameshinda akichuma karafuu katika shamba huko Wete. Tangu daku hajanywa chochote, na ametoka jasho jingi. Kabla ya kufuturu anapimwa: presha yake ni ya kawaida hata akisimama, ukolezi wa plazma ni miliosmoli 298 kwa kilo, na ukolezi wa mkojo ni miliosmoli 950 kwa kilo. Ni badiliko gani katika figo linaloeleza zaidi kwa nini mkojo wake umekolea kuliko plazma?

A. Mkono mnene unaopanda wa kitanzi cha Henle unapitisha maji kwa wingi zaidi.
B. Mirija ya kukusanyia mkojo inapitisha maji kwa wingi zaidi.
C. Mirija ya mwanzo inarudisha maji kwa wingi zaidi kuliko chumvi.
D. Mirija ya kukusanyia mkojo inapitisha maji kwa kiasi kidogo zaidi.

Jibu ni B. Kipotoshi A kinakosea mahali: mkono ule haupitishi maji hata vasopresini ikiwa nyingi, na kutopitisha huko ndiko kunakouwezesha kutoa chumvi peke yake na kuikoleza sehemu ya ndani ya figo. Kipotoshi C kinakosea namna, kwa kuwa mirija ya mwanzo hurudisha takriban theluthi mbili ya maji yaliyochujwa, lakini huyarudisha pamoja na chumvi kwa uwiano uleule, hivyo kinachobaki ndani ya mrija kina ukolezi sawa na wa plazma. Kipotoshi D kinageuza mwelekeo, na kinamnasa mwanafunzi anayechanganya "vasopresini imepanda" na "mkojo umepungua, basi kila kitu kimepungua."

Angalia kazi ya kila kipande cha shina. Presha ya kawaida akiwa amesimama imewekwa ili pasiwe na sababu ya kudhani kwamba amepoteza damu au maji mengi kiasi cha kubadilisha uchujaji wa figo. Vipimo viwili vya ukolezi vimewekwa ili swali lihusu kukolea kwa mkojo na si uchache wake. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa: mtu anayeishiwa maji huweza kurudisha maji na chumvi zaidi katika mirija ya mwanzo, na mkojo wake ukapungua kwa sababu hiyo pia. Kama ningeuliza kwa nini mkojo ni kidogo, kipotoshi C, kikiandikwa vingine kidogo, kingekuwa nusu kweli. Nilipouliza kwa nini umekolea kuliko plazma, mlango ule ulifungwa.

Kipimo kizuri cha shina kama hili ni kuyafunika majibu kwa kiganja na kumwomba mtu aliyesoma mada ajibu kwa maneno yake. Akijibu "mirija ya kukusanyia mkojo imefunguka kwa maji," shina limekamilika. Akiuliza "unataka nini hasa?" basi swali bado limejificha kwenye majibu, na hapo ndipo mabishano ya baadaye huzaliwa.

Udhaifu wa njia ya pili ni kwamba makosa yake ni ya mwalimu. Mimi ndiye niliyedhani kwamba mtu anaweza kukosea mkono unaopanda. Sikuwa nimemsikia mwanafunzi yeyote akisema hivyo. Vipotoshi vinakuwa safi na sambamba, lakini mara nyingine hakuna kichwa halisi ambacho wazo hilo linakaa ndani yake.

Njia ya tatu: kuwauliza kwanza bila majibu, kisha kutumia makosa yao

Siku chache baada ya mhadhara unawapa wanafunzi shina lilelile bila machaguo, na unawataka waandike sentensi mbili tu bila kuandika jina. Unakusanya karatasi na kuyapanga makosa kwa mafungu. Unachokipata hapo huwezi kukibuni ukiwa mezani kwako.

Nilipofanya hivyo kwa swali la mchumaji karafuu, fungu kubwa la makosa halikuhusu kitanzi cha Henle hata kidogo. Wengine waliandika kwamba maji ya mwilini yamepungua, kwa hiyo damu inayochujwa na figo imepungua, na ndiyo maana mkojo umekolea. Wengine walimtaja aldosteroni, kwa sentensi ileile ya yule msichana: sodiamu inarudi na maji yanaifuata. Fungu la tatu lilinishangaza. Waliandika kwamba mtu aliyefunga hakojoi mara kwa mara, mkojo unakaa ndani ya kibofu mchana kutwa, na maji yake yananyonywa humo humo. Nilirudi kwenye slaidi zangu na kuona kwamba hakuna mahali nilipokuwa nimesema kibofu hakifanyi hivyo. Wazo hilo walikuja nalo kutoka nyumbani, na mhadhara wangu ulipita juu yake bila kuligusa.

Kwa shina lilelile, machaguo sasa yakawa haya, na swali la mwisho nikaliandika "Ni lipi linaloeleza zaidi kwa nini mkojo wake umekolea kuliko plazma?" kwa sababu si yote tena yanayotokea ndani ya figo:

A. Aldosteroni inarudisha sodiamu kwa wingi zaidi na maji yanaifuata.
B. Damu inayochujwa katika glomeruli imepungua.
C. Maji ya mkojo yananyonywa na ukuta wa kibofu.
D. Mirija ya kukusanyia mkojo inapitisha maji kwa wingi zaidi.

Vipotoshi hivi vina nguvu kwa kuwa kila kimoja kina mtu wa kukitetea. Lakini nguvu hiyo ndiyo hatari yake, na kila kimoja lazima kifikishwe mbele ya swali hili: je, naweza kukikataa kwa sentensi moja iliyomo kwenye mhadhara, pamoja na yale yaliyomo kwenye shina?

Kibofu hakisumbui. Ukuta wake karibu haupitishi maji, na ukolezi wa mkojo unaotoka kwenye figo ndio, kwa hesabu ya kawaida, unaotoka nje.

Uchujaji unahitaji hesabu ndogo. Figo za mtu mzima huchuja karibu lita 180 kwa siku, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Tuseme uchujaji umepungua kwa sehemu moja ya kumi. Zinabaki lita 162, ambazo bado zinazidi mkojo kwa zaidi ya mara 100. Kinachoamua mkojo utoke wa namna gani ni kiasi cha maji kinachorudishwa baadaye, na kuchuja kidogo peke yake hakuwezi kuufanya mkojo uzidi plazma kwa ukolezi wa mara tatu. Isitoshe, presha yake ya kawaida inatuambia kwamba kijana huyu hajafika mahali ambapo uchujaji wake ungeporomoka. Hapa neno "zaidi" katika shina linafanya kazi yake halali: uchujaji unaweza kuwa umepungua kidogo, ila hauelezi kilichoulizwa.

Aldosteroni ndiyo iliyonichukua muda mrefu. Mara ya kwanza, katika swali la slaidi, ilikuwa kipotoshi kibaya. Hapa imekuwa kipotoshi bora kuliko vyote, na homoni haijabadilika. Kilichobadilika ni shina. Aldosteroni ikifanya kazi, inaondoa sodiamu kwenye mkojo, jambo ambalo kwa lenyewe halikolezi mkojo. Na ule usemi kwamba maji huifuata sodiamu una sharti: katika mirija ya kukusanyia mkojo maji hayawezi kufuata chochote kama vijitundu vya akwaporini havipo kwenye utando, na vijitundu hivyo huwekwa na vasopresini. Mwanafunzi anayeelewa sharti hilo ataiacha A. Anayekumbuka usemi bila sharti lake ataichagua, na huyo ndiye niliyetaka kumjua, kwa sababu kosa lake linarekebishika kwa dakika tano za mazungumzo.

Gharama ya njia hii ni muda. Kutoka siku ya kutoa swali la wazi hadi siku ya kuwa na machaguo manne yaliyokaguliwa, mimi hutumia wiki nzima, na kusoma karatasi za darasa zima kwa swali moja huchukua jioni moja. Tena inahitaji darasa ambalo halitafanya mtihani huo huo, au upite muda wa kutosha, la sivyo wanafunzi wanakutana na shina walilokwisha kulijadili mabarazani.

Pale lugha inapotoa jibu

Njia zote tatu zina ugonjwa mmoja wa pamoja, na kwa Kiswahili una sura yake. Nilikuta swali la mwenzangu mmoja linaloishia hivi: "Vinavyowekwa kwenye utando wa seli kwa amri ya vasopresini ni," na machaguo yakawa pampu za sodiamu, mifereji ya potasiamu, vijitundu vya akwaporini, na molekuli za glukosi. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za figo atachagua vijitundu, kwa kuwa ndilo jina pekee linalopatana na "vinavyowekwa." Upatanisho wa ngeli umelitoa jibu kabla fiziolojia haijaulizwa. Dawa yake ni kulifanya shina liwe swali kamili lenye jina la jumla, kama "Ni kitu gani kinachowekwa kwenye utando wa seli kwa amri ya vasopresini?" Hapo ngeli inashikamana na "kitu" na haielekei upande wowote.

Ugonjwa wa pili ni urefu. Mwalimu hulilinda jibu lake sahihi kwa masharti, likawa mistari miwili, huku vipotoshi vikiwa maneno matatu matatu. Wanafunzi hulijua hilo haraka sana. Vivyo hivyo maneno "daima" na "kamwe" katika kipotoshi humwambia msomaji kwamba aliache, kwa sababu mwilini mambo ya daima ni machache.

Kuhesabu baada ya zoezi

Kipotoshi hakijulikani thamani yake mpaka kichaguliwe na watu. Tuseme darasa lina wanafunzi 40. Wapange kwa alama zao za zoezi zima, kisha chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani 11 kwa 11. Kwa kila chaguo andika ni wangapi wa juu na wangapi wa chini waliolichagua. Kama jibu sahihi limechaguliwa na 9 wa juu na 4 wa chini, tofauti ni 5, na 5 ukiigawa kwa 11 unapata 0.45, ambayo ni nzuri. Swali linatenganisha wanaojua na wasiojua. Ikishuka chini ya 0.2 mimi hulifungua upya swali hilo.

Kisha tazama vipotoshi. Chaguo ambalo halikupata hata asilimia 5 ya darasa, yaani chini ya wanafunzi 2 kati ya 40, huhesabiwa kuwa limekufa, kama tairoksini yangu. Lakini alama ya kuogopa zaidi ni kipotoshi kinachopendwa na walio juu kuliko walio chini. Ukikuta aldosteroni imechaguliwa na 6 wa juu na 2 wa chini, usiharakishe kusema kwamba wanafunzi hodari wamesahau. Mara nyingi wamesoma zaidi ya ulichofundisha, na wameona ukweli ambao shina lako halikuufungia. Katika darasa dogo tarakimu hizi huyumba, na mtu mmoja akibadilisha jibu picha inageuka, kwa hiyo mimi hungoja makundi mawili kabla ya kulifuta swali kabisa.

Hesabu hiyo pia hujibu swali ninaloulizwa sana, kwamba machaguo yawe mangapi. Ukiweka manne, anayebahatisha ana nafasi moja katika nne. Ukiweka matatu, moja katika tatu. Tofauti hiyo inaonekana kubwa kwenye karatasi, lakini kama chaguo la nne halichaguliwi na mtu, anayebahatisha tayari yuko kwenye moja katika tatu, na wewe umepoteza muda kuliandika na yeye kulisoma. Chuo kikidai manne, toa manne. Usipodaiwa, vipotoshi viwili vyenye watu wa kuvitetea ni bora kuliko vitatu ambavyo kimoja ni cha kujazia.

Uchague ipi

Kama una zoezi la kesho asubuhi na mhadhara ni mpya kwako, tumia njia ya pili, na utunge maswali machache kuliko ulivyokusudia. Swali moja la mnyororo hunichukua kama nusu saa, na maswali sita ya namna hiyo yanaonyesha uelewa wa darasa vizuri kuliko ishirini ya majina. Njia ya kwanza iachie msamiati wa mwanzo wa muhula, pale ambapo mwanafunzi lazima ajue kipi kinaitwaje kabla ya kuulizwa kinafanya nini, na kila mara ujiulize kama kipotoshi hakifanyi kazi ileile kwa njia nyingine. Kwa maswali yatakayowekwa benki na kurudiwa mwaka hadi mwaka, ingia gharama ya njia ya tatu, kwa sababu jioni moja ya kusoma karatasi inagawanyika kwa miaka yote ambayo swali litatumika.

Vikundi vya wanafunzi wanaotungiana maswali wenyewe wana nafasi nzuri ambayo mwalimu hana. Wao wanakumbuka walichokuwa wakikiamini juzi kabla hawajaelewa. Mwanafunzi akiandika kipotoshi kutokana na kosa alilolifanya mwenyewe, akaweka chini yake sentensi moja ya kulikataa, amekwisha tunga kwa njia ya tatu bila karatasi za darasa zima.

Mara nyingi mimi huzichanganya: vipotoshi viwili kutoka kwenye karatasi, na kimoja kutoka kwenye mnyororo ili kijaze pengo ambalo makosa ya wanafunzi hayakuligusa. Swali la mchumaji karafuu sasa lina sura mbili. Kwa wanaoanza ngazi ya cheti, kibofu kimebaki mahali pake, kwa kuwa kila mwaka kinapata wa kukichagua. Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari kilikuwa kimekufa, hakuna aliyekigusa makundi mawili mfululizo, nikakitoa na kuweka kile kipotoshi cha mkono unaopanda wa kitanzi cha Henle, ambacho mwanzo nilidhani hakina mwenyewe. Katika ngazi hiyo kimempata.